Upasuaji ni Mombasa, nawe uko Garsen: Piga simu kwanza, kisha hesabu saa kinyumenyume

KAMA wewe ndiwe mwenye simu ya maana pale nyumbani, jua kwamba siku mama au nyanya akipewa tarehe ya upasuaji, nambari itakayoandikwa kwenye faili ni yako. Utakayepigiwa ni wewe. Utakayeulizwa "mgonjwa amekula nini?" pia ni wewe. Kwa hivyo hii story si ya wazee, ni yako.

Kwa mtu wa Mombasa mjini, kurudishwa nyumbani siku ya upasuaji ni hasara ya nauli ya matatu moja. Kwa mtu wa Garsen ni mambo mengine kabisa. Kutoka Garsen hadi Malindi ni takriban kilomita 110, na kutoka Malindi hadi Mombasa ni 120 nyingine. Hapo umeshalipa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, mtu amebaki akichunga mbuzi au shamba, na jamaa wa Mombasa wamekupisha chumba. Halafu mgonjwa anarudishwa mlangoni mwa thieta kwa sababu ya kikombe kimoja cha chai ya maziwa. Tarehe mpya inaweza kuwa wiki kadhaa mbele, na ule uvimbe haungoji.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mama ana miaka 52, ana uvimbe kwenye kizazi. Alianzia kituo cha afya, akaandikiwa barua ya rufaa, na sasa amepangiwa kupasuliwa Mombasa siku ya Alhamisi. Wewe ni kifunguamimba wake, uko Garsen, na leo ni Jumatatu asubuhi.

Simu ya Jumatatu

Usingoje Jumatano. Piga Jumatatu, ukiwa na faili mkononi na kalamu. Kwa nini Jumatatu? Manake ikiwa kuna kitu hakijakamilika, bado una muda wa kukirekebisha kabla ya kupanda gari. Mazungumzo yenyewe hayana maneno mengi:

"Habari ya asubuhi, sista. Napiga kutoka Garsen, ni kuhusu mgonjwa wetu wa upasuaji wa Alhamisi. Nambari ya faili ninayo hapa."

"Nisomee. Eeh, yuko kwenye orodha. Aripoti Jumatano kabla ya saa nne asubuhi, alazwe. Alhamisi asubuhi anaingia thieta."

"Saa nne ya Kiswahili, sista? Ile ya 10:00?"

"Ndiyo, hiyo."

"Na kula anaacha saa ngapi?"

"Saa sita usiku."

"Usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, si ndiyo?"

"Ndiyo hivyo. Na mje na mtu wa kutoa damu."

Labda unaona huyu kijana anauliza sana. La hasha. Hayo maswali mawili ya saa ndiyo yanayookoa safari. Hospitali nyingi huandika saa za Kizungu kwenye karatasi lakini husema saa za Kiswahili kwa mdomo. Karatasi ikisema 8:00, ni saa mbili asubuhi, na ukimsomea nyanya "saa nane" atakuja mchana wakati thieta imeshafungwa.

La usiku ni gumu zaidi, hasa kwetu Pwani. Wazee wengi huhesabu siku kuanzia jua linapozama, kwa hivyo wakisema "usiku wa Alhamisi" wanamaanisha ule wa kuamkia Alhamisi. Vijana wengi tukisikia maneno hayohayo tunaelewa usiku unaofuata baada ya Alhamisi. Muuguzi kutoka bara naye ana hesabu yake. Dawa ni kusema maneno yote mawili: "Jumatano kuamkia Alhamisi." Hapo hapana wa kupotea.

Kabla hujakata simu, sema mambo matatu ambayo hospitali haiwezi kuyajua usipoyasema. La kwanza ni ugonjwa wowote mpya: kikohozi, mafua, homa, malaria ya wiki jana. La pili ni dawa anazomeza, hata zile za mitishamba. La tatu ni kama mgonjwa ana presha au kisukari. Mwenye kisukari anafaa kujulikana mapema, manake kufunga kunaweza kumshusha sukari, na mara nyingi huwekwa mwanzo wa orodha ili asikae na njaa muda mrefu.

Kuhusu dawa zenyewe, usiamue wewe. Dawa nyingi za presha mgonjwa huambiwa ameze asubuhi hiyohiyo kwa tama moja la maji, lakini vidonge vya sukari na insulini huwa na maagizo yake. Dawa za kuzuia damu kuganda wakati mwingine husimamishwa siku kadhaa kabla. Soma jina lililo kwenye pakiti, herufi kwa herufi, uulize: "Hii ameze au aache?" Andika jibu juu ya pakiti yenyewe.

Kwa nini tumbo liwe tupu

Wengi hudhani mgonjwa anafungishwa ili asichafue kitanda. Sivyo. Mtu aliye macho akipaliwa na mate, anakohoa. Juu ya tumbo kuna msuli unaofunga njia ili chakula kisipande, na koo lina kinga yake ya kukohoa. Nusukaputi ikishaingia, ule msuli unalegea na kikohozi kinalala pamoja na mwenyewe. Kilichomo tumboni kikipanda, hakuna wa kukizuia kisiingie mapafuni. Tonge la chakula linaweza kuziba njia ya hewa papo hapo. Majimaji yenye asidi ya tumbo nayo yanaunguza mapafu, na mgonjwa aliyekuja kutolewa uvimbe anaishia kwenye mashine ya kupumulia.

Hili si jambo la juzi. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York aliandika kuhusu akina mama 66 waliopatwa na hali hiyo walipopewa dawa ya usingizi wakati wa kujifungua. Tangu hapo kufunga kukawa sheria ya thieta kote duniani.

"Lakini mama atadungwa sindano ya mgongo tu, halali." Sawa, lakini sindano ikikosa kushika, au upasuaji ukirefuka, daktari wa usingizi atamlaza palepale. Ndiyo maana naye anafunga kama wengine.

Sasa hesabu. Kanuni inayotumika sehemu nyingi kwa upasuaji uliopangwa ni hii: chakula kizito chenye mafuta au nyama, kama pilau, viazi karai na nyama ya kukaanga, kiachwe saa nane au zaidi kabla ya thieta. Chakula chepesi na maziwa ya ng'ombe, mbuzi au ngamia, saa sita kabla. Maziwa ya mama kwa mtoto mchanga, saa nne kabla. Maji matupu, saa mbili kabla.

Mweke mama kwenye hesabu hiyo, anaingia thieta Alhamisi saa mbili asubuhi. Rudi nyuma saa nane: pilau mwisho saa sita usiku. Rudi nyuma saa sita: chai ya maziwa na mkate mkavu mwisho saa nane usiku. Rudi nyuma saa mbili: maji mwisho saa kumi na mbili alfajiri. Kwa kuwa hakuna anayeamka saa nane usiku kunywa chai, hospitali inakata maneno na kusema: "Saa sita usiku, basi." Ukipewa amri hiyo ifuate hivyo ilivyo, hata kama hapa nimeandika saa mbili za maji. Wanaojua orodha ya siku hiyo ni wao, na mgonjwa wa pili anaweza kuvutwa mbele wa kwanza akikosekana.

Ila kuna swali moja una haki ya kuuliza. Mama akipangiwa saa nane mchana badala ya asubuhi, kuacha kila kitu tangu saa sita usiku ni saa 14 bila hata tone la maji, kwenye joto la Mombasa. Uliza: "Kwa kuwa ni mchana, anaweza kunywa maji hadi saa ngapi?" Mara nyingi utapata jibu la kumsaidia.

Chai, daku na muguka

Hapa ndipo safari za watu wa Tana River huharibikia, kwa hivyo twende polepole.

Turungi na chai ya maziwa si kitu kimoja. Turungi isiyo na maziwa huhesabiwa pamoja na maji. Ukitia maziwa kidogo tu, inakuwa chakula, kwa sababu maziwa yakifika tumboni huganda na kukaa. Mama akikwambia "nimekunywa chai kidogo tu," usikubali jibu hilo. Muulize chai gani, saa ngapi.

Daku nayo ina mtego wake. Ikiwa ni Ramadhani na mama amekula daku hadi karibu na adhana ya alfajiri, yaani kama saa kumi na moja, kwake yeye amefunga. Kwa daktari wa usingizi, mgonjwa huyu amekula saa tatu zilizopita, tumbo limejaa. Saumu na kufunga kwa hospitali ni hesabu mbili tofauti. Akiwa na nia ya kufunga, mwambie muuguzi kwenye ile simu ya Jumatatu, na daku ihamishwe kabla ya saa aliyopewa. Vilevile akumbuke kwamba atawekewa maji ya mshipa na atapewa dawa, kwa hivyo suala la kulipa siku hiyo amuulize shekhe wake mapema, si akiwa kwenye kitanda cha magurudumu.

Kama mgonjwa ni wewe mwenyewe au buda wa rika lako, jua kwamba muguka na miraa huharakisha mapigo ya moyo na kupandisha presha. Daktari wa usingizi anaweza kuahirisha kazi akiona namba hazikai. Acha siku kadhaa kabla, na ukiulizwa usifiche. Sigara pia. Hata chingamu iache mlangoni.

Halafu kuna ile huruma ya njiani. Unasafiri na mtoto wa miaka mitatu kwenda Malindi kutolewa ngiri asubuhi hiyohiyo, gari limesimama, muuza mahamri amefika dirishani, mtoto analia, na nyanya anamkatia kipande. Njia bora ni kutobeba chakula kabisa mikononi, na kumweleza nyanya kabla hamjatoka nyumbani. Ikiwa imeshatokea, sema ukweli ukifika. Ukweli utawagharimu saa chache au siku chache. Uongo unaweza kumgharimu mtoto pumzi yake.

Kufika: hesabu ya pili ya kinyumenyume

Mama ameambiwa aripoti Jumatano kabla ya saa nne asubuhi. Kwa nini siku nzima kabla? Kwa sababu damu yake lazima itolewe mapema ipimwe wingi na kundi, majibu yatoke, na daktari wa usingizi amwone kabla ya jioni. Ukifika saa tisa mchana, hayo hayawezi kukamilika, na Alhamisi jina lake linarukwa.

Ukitoka Garsen Jumatano alfajiri, unategemea gari lisichelewe kujaa, vizuizi vya polisi viwe vichache na tairi lisipasuke katika kilomita 230. Hiyo ni kamari. Kwa mgonjwa wetu jibu ni moja: ondokeni Jumanne, mlale kwa jamaa Mombasa. Kama hakuna pa kulala, sema kwenye simu: "Tunatoka Garsen, hatuna pa kulala, anaweza kulazwa Jumanne jioni?" Huenda ukaambiwa hapana, lakini walau hospitali inajua mnatoka wapi.

Kuna na mto. Mvua za Novemba 2023 na zile za Aprili na Mei 2024 zilijaza Tana hadi vijiji vikahama na barabara kukatika. Msimu wa mvua ukiwa umeanza, uliza madereva wa steji hali ya njia siku mbili kabla, si siku ya safari. Barabara ikifungwa, piga simu mara moja uombe kuhamishiwa tarehe. Mgonjwa aliyepiga simu kueleza ni rahisi zaidi kupangiwa tena kuliko aliyepotea tu. Ni vivyo hivyo hata kama mmepangiwa Hola au Malindi badala ya Mombasa.

Mkoba wa mama

Mambo mengi mtakumbushana wenyewe: leso mbili, ndara, sabuni, beseni dogo, chaja. Nitagusa yale yanayokwamisha watu.

Kitambulisho kiwe chenyewe, si nakala wala picha kwenye simu. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 1, 2024, na kujisajili peke yake hakutoshi. Lazima michango iwe imelipwa. Piga *147# mapema uangalie hali ya mama. Halafu, upasuaji huhitaji idhini ya SHA ambayo hospitali ndiyo inayoiomba, kwa hivyo ongeza swali hili kwenye simu ya Jumatatu: "Idhini imeshatoka?" Kama bado, uliza kinachokosekana ni nini.

Beba barua ya rufaa, picha za skeni pamoja na maelezo yake, na majibu ya maabara ya zamani. Beba dawa zote kwenye pakiti zake. Kwa mtoto, beba cheti cha kuzaliwa.

Vya kuacha nyumbani ni dhahabu, bangili na kipini cha puani. Meno ya bandia yatavuliwa kabla ya thieta, kwa hivyo chukua kikopo cha kuyatia. Na hili akina dada wasikilize: mama asipakwe piko wala rangi ya kucha kabla ya safari. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima hewa ya damu hupitisha mwanga kwenye kidole, na rangi nyeusi inaweza kukifanya kisome vibaya. Akiwa tayari amepakwa, mjulishe muuguzi mapema. Hina atapaka akipona.

Nani aende naye

Swali la mwisho la simu ni hili: "Watu wangapi, na wa aina gani?" Mara nyingi wodini huruhusiwa mmoja tu, na wengine huja saa za kutazama wagonjwa. Mfano wetu una kasoro hapo: wewe ni mvulana na mama analazwa wodi ya wanawake. Mchana utaingia, usiku utatolewa nje. Kwa hivyo nenda na dada yako au shangazi, yeye akae karibu, wewe ukimbizane na maabara, malipo na duka la dawa.

Msindikizaji awe mtu mzima, tena anayejua lugha ya mama. Kama mama anasema Kiorma au Kipokomo na Kiswahili chake si kirefu, huyo dada ndiye mdomo wake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe na akubali mwenyewe kabla ya kupasuliwa. Mama mwenye akili timamu anatia sahihi au kidole chake mwenyewe. Kazi yako si kumsainia, ni kuhakikisha ameelewa: kinatolewa nini, je, kizazi kinabaki, na nini kinaweza kuharibika. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, anayesaini ni mzazi au mlezi, kwa hivyo kumtuma na binamu yake wa miaka 19 ni kazi bure.

Na ile damu? Hospitali nyingi huomba jamaa wachangie kwa ajili ya upasuaji kama huu. Mchangiaji anatakiwa awe na umri wa miaka 16 hadi 65, uzani wa zaidi ya kilo 50, na awe mzima. Anayechangia yeye hafungi. Ale vizuri na anywe maji kabla. Kwa hivyo Jumatano asubuhi, wakati mama anachukuliwa vipimo, wewe kunywa chai yako yenye maziwa mengi, mbali na macho yake.

Usiku huo, ikikaribia saa sita, mpigie dada simu mara moja tu. Muulize mama amekula nini mara ya mwisho na saa ngapi, kisha uandike. Alfajiri muuguzi atauliza swali hilohilo, na majibu yenu yote matatu yanafaa kuwa moja.